Kwa nini kloraidi ya alumini iliyoyeyuka haipitishi umeme

Kila mwaka, ninapofika kwenye vifungo vya kemikali na kidato cha tano hapa Iringa, swali hili hujitokeza kwa namna moja au nyingine: ikiwa metali na halojeni zikikutana hutoa kiwanja cha ioni, na kiwanja cha ioni kikiyeyuka hupitisha umeme, inakuwaje kloraidi ya alumini iyeyuke na kubaki karibu bila uwezo huo kabisa? Swali ni zuri kuliko linavyoonekana, kwa sababu jibu lake linagusa mahali ambapo mstari kati ya kifungo cha ioni na kifungo cha kovalenti unafutika.

Tuanze na ioni chanya yenyewe. Atomi ya alumini ikipoteza elektroni zake 3 za nje hubaki na protoni 13 zinazoshika elektroni 10 tu, hivyo wingu lote la elektroni hujikunja kuelekea kwenye kiini na ioni inakuwa ndogo mno, yenye nusukipenyo cha pikomita 54 hivi inapozungukwa na majirani 6. Ioni ya sodiamu ina elektroni 10 vilevile, lakini kiini chake kina protoni 11 pekee, na nusukipenyo chake ni pikomita 102. Magnesiamu iko katikati, pikomita 72. Ukigawanya chaji kwa nusukipenyo, kipimo chepesi kinachotosha kwa kazi hii, magnesiamu inapata karibu mara 3 ya sodiamu, na alumini inapata karibu mara 6. Maana yake ni kwamba ioni hasi iliyokaa kando ya alumini inahisi mvuto mkali unaotoka sehemu ndogo sana, na mvuto huo hauishii kwenye kuisogeza ioni hiyo nzima nzima, bali unalivuta wingu lake la elektroni upande mmoja.

Kuvutwa huko kwa wingu ndiko wanakemia wanakokuita polaraizesheni. Kazimierz Fajans, mzaliwa wa Warsaw aliyefanya kazi Munich, aliweka kanuni zake kuhusu jambo hili mwaka 1923, na msingi wake haujabadilika: ioni chanya ndogo yenye chaji kubwa huvuta wingu la jirani yake kwa nguvu, na ioni hasi kubwa yenye elektroni zilizoshikwa kwa ulegevu huvutika kwa urahisi. Elektroni zikivutwa kidogo, bado tuna ioni mbili zenye umbo lililopotoka. Zikivutwa sana, sehemu ya wingu inakaa katikati ya viini viwili na kushikwa na vyote viwili, na hapo ndipo tunapoanza kusema elektroni zimeshirikiwa. Hakuna kizingiti ambacho kiwanja kinakivuka siku moja kikaacha kuwa cha ioni. Ni mteremko, na kila kiwanja kina mahali pake kwenye mteremko huo.

Upande wa ioni hasi unaonekana vizuri zaidi tukiacha alumini palepale na kubadilisha halojeni. Ioni ya floraidi ina pikomita 133, na elektroni zake za nje ziko kwenye ganda la pili tu, karibu na kiini kinachozishika. Ioni ya kloraidi ina pikomita 181, elektroni zake za nje ziko ganda la tatu, zimekingwa na elektroni 10 za ndani, na zinasogezeka. Alumini hiyohiyo, kwa hiyo, inakutana na majirani wawili wa tabia tofauti. Floraidi ya alumini ni yabisi ngumu isiyogeuka mvuke mpaka joto likaribie nyuzi 1,290 za selsiasi. Kloraidi ya alumini hugeuka mvuke moja kwa moja kutoka yabisi karibu na nyuzi 180, joto ambalo jiko la kawaida la mkaa linalifikia bila shida. Metali ni ileile, chaji ni ileile, na uwiano wa atomi ni uleule wa 1 kwa 3.

Kinachotokea ndani ya kloraidi ya alumini inapopashwa joto kinastahili kuangaliwa taratibu, kwani wengi wetu tulifundishwa kwa haraka kwamba ni kiwanja cha kovalenti, basi. Fuwele yake katika joto la kawaida haina molekuli zilizojitenga. Ina matabaka, na ndani ya kila tabaka kila alumini imezungukwa na klorini 6, mpangilio ambao ukiuona bila jina ungeweza kudhani ni wa kiwanja cha ioni. Ipashe joto ndani ya mrija uliofungwa, kwa sababu mrija ukiwa wazi itageuka mvuke kabla hujaona kimiminika. Yabisi inapokaribia kuyeyuka, uwezo wake wa kupitisha umeme, ambao ni mdogo, unaongezeka. Kisha, karibu na nyuzi 192, inayeyuka, na mambo mawili yanatokea kwa pamoja: ujazo wake unakaribia kuongezeka maradufu, na uwezo wa kupitisha umeme unashuka hadi karibu sifuri. Chumvi ya kawaida hufanya kinyume kabisa, ikiyeyuka kwa nyuzi 801 na kuanza kupitisha umeme vizuri.

Sababu ni kwamba kimiminika hicho hakina ioni za alumini na za kloraidi zinazoelea. Kina molekuli zenye alumini 2 na klorini 6, Al₂Cl₆, ambamo kila alumini sasa ina majirani 4 badala ya 6. Klorini 2 kati ya hizo zimekaa kama daraja baina ya alumini mbili, kila moja ikiwa imeitoa jozi yake ya elektroni kwa alumini ya upande wa pili, iliyokuwa na upungufu. Molekuli hizo hazina chaji, hivyo hakuna cha kubeba umeme, na zinavutana kwa udhaifu, hivyo zinakaa mbali na kimiminika kinavimba. Hata kwenye mvuke bado ni jozi: ukipima msongamano wa mvuke huo ukiwa juu kidogo ya nyuzi 200 unapata uzito wa molekuli wa karibu 267, na ni mpaka uupashe sana, kuelekea nyuzi 1,000, ndipo unapopata karibu 133, uzito wa AlCl₃ moja.

Hapa nitoe tahadhari. Vitabu vingi hutumia kiwango cha kuyeyuka kama kipimo cha ukovalenti, na wanafunzi hukariri kwamba kadiri kifungo kinavyokuwa cha kovalenti ndivyo kiwango kinavyoshuka. Chukua bromaidi ya alumini, inayoyeyuka karibu na nyuzi 98, kisha ayodaidi, inayoyeyuka karibu na nyuzi 190. Ayodaidi ni ioni kubwa kuliko bromaidi na inavutika zaidi, kwa hiyo kifungo chake na alumini ni cha kovalenti zaidi, lakini kiwango kimepanda. Kinachopimwa hapo ni nguvu baina ya molekuli na molekuli, nayo huongezeka molekuli zinapokuwa na elektroni nyingi zaidi. Kifungo kilichomo ndani ya molekuli hakikuguswa hata kidogo. Ukitaka ushahidi bora, uliza kama kimiminika kinapitisha umeme na kama kiwanja kinayeyuka kwenye benzini.

Kosa la maabara linalohusiana na hili ni la unyevu. Kloraidi ya alumini isiyo na maji hufyonza mvuke wa maji hewani, na chupa iliyofunguliwa siku ya ukungu wa Mufindi hutoa moshi mweupe papo hapo, kwani maji huvunja kifungo cha alumini na klorini na kuachia gesi ya haidrojeni kloraidi. Sampuli iliyopata unyevu inapitisha umeme, na mwanafunzi ataandika kwa uhakika kwamba kiwanja ni cha ioni. Dalili ni rahisi kuiona: sogeza karibu na mdomo wa chupa kijiti cha kioo kilichochovywa kwenye amonia, na moshi mzito mweupe utakuambia kwamba maji yamekwisha kuingia. Fungua chupa ya zamani chini ya kabati la kutolea hewa na ukiwa na miwani, maana gesi hujikusanya ndani na kuusukuma mfuniko.

Wala usijaribu kuikausha kwa kuipasha moto. Fuwele zenye maji, AlCl₃·6H₂O, zina alumini iliyozungukwa na molekuli 6 za maji huku klorini zikiwa nje kama ioni halisi. Ukizipasha, hutoki na kloraidi kavu. Unatoka na oksaidi ya alumini, na klorini yote imekimbia kama asidi. Alumini inaivuta oksijeni ya maji kwa nguvu kiasi kwamba wingu la elektroni kati ya oksijeni na haidrojeni linapungua, na haidrojeni inaondoka. Kloraidi kavu inatengenezwa kwa kupitisha gesi kavu ya klorini juu ya alumini yenye joto.

Uvutaji huohuo wa oksijeni ndio unaoeleza udongo wa Nyanda za Juu Kusini. Alumini yenye maji 6 ni asidi yenye nguvu inayokaribiana na asidi ya siki. pKa yake, kipimo ambacho kadiri kinavyokuwa kidogo ndivyo asidi inavyokuwa kali, ni 5 hivi, ambapo ya magnesiamu yenye maji ni zaidi ya 11. Myeyusho wa kloraidi ya alumini wa moli 0.1 kwa lita una pH ya karibu 3, wakati wa chumvi ya kawaida unabaki karibu na 7. Kwenye mashamba yenye mvua nyingi ya Njombe na Rungwe, pale pH ya udongo inaposhuka chini ya 5.5, alumini inaanza kuyeyuka kutoka kwenye mfinyanzi na kuidumaza mizizi ya mahindi. Chai inaivumilia na hata kuilimbikiza kwenye majani yake, ndiyo sababu bonde moja linaweza kuwa na chai iliyostawi kando ya mahindi yaliyodumaa.

Mkulima anapomwaga chokaa, kabonati iliyomo inachukua haidrojeni zilizoachiwa na alumini, pH inapanda, na alumini inageuka kuwa haidroksaidi isiyoyeyuka. Kalisi inayobaki ina chaji 2 lakini nusukipenyo cha pikomita 100, karibu sawa na sodiamu, kwa hiyo haiyavuti maji kiasi cha kuyafanya yaachie haidrojeni. Mtu akimwaga jasi badala ya chokaa anaongeza kalisi hiyohiyo, ila bila kabonati, na pH ya udongo wake haitapanda kwa kiasi cha kuridhisha.