Mjomba anafuta simu: aliyokuwa anayaamini na ukweli wenyewe

Jumamosi baada ya magharibi nimepita dukani kwa mjomba, Ngamiani hapa Tanga, nachukua mkate tu, nikamkuta kakaa juu ya gunia la mchele miwani puani, anafuta picha kwenye simu moja baada ya nyingine. Kaanza tangu alasiri. Kesho saa nne kuna kijana anatoka Makorora anakuja kuichukua kwa laki na themanini, mjomba aongezee juu anunue mpya. Nikamwambia shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua macho, "mpwa wangu njoo, bado picha kama 900 hivi nimalize."

Mi natengeneza simu, na hii hadithi naijua mwisho wake kabla haijaanza. Kila anayeuza simu anakuja na imani zake, na mjomba alikuwa nazo karibu zote kwa jioni moja.

Ya kwanza hiyo hapo: ukifuta picha, meseji na app mkono kwa mkono, simu imekuwa safi. Haijawa. Nilifungua Google Photos, nikaingia Trash, zote zimejipanga humo. Picha iliyopandishwa kwenye akaunti inakaa humo siku 60, ambayo haijapandishwa siku 30. Yani kijana wa Makorora angekuwa na mwezi mzima wa kuangalia harusi ya binamu yangu. Na kibaya zaidi, akaunti ikiwa bado ipo kwenye simu, ukifuta picha ambayo ishapandishwa unaifuta na kule juu pia, kwahiyo mjomba alikuwa anajipunguzia za kwake mwenyewe akidhani anamficha mnunuzi. Tukazirudisha zote. Akakasirika kidogo, saa tatu za kazi zimeenda.

Nikamwambia hapa ni kurisetisha tu, yenyewe inafuta kila kitu. Akacheka. "We unanidanganya, fundi mmoja stendi kaniambia ukirisetisha wao wanairudisha na kompyuta."

Hii ndo dhana inayosumbua wengi kuliko zote, na haikutokea hewani, maana zamani ilikuwa kweli. Kwenye simu za zamani kufuta kulikuwa kama kung'oa karatasi ya yaliyomo kwenye kitabu, kurasa zenyewe zimebaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, na programu za kurudisha mafaili zilikuwa zinazisoma hizo kurasa. Sasa hivi mambo yamebadilika. Simu nyingi zilizotoka na Android 6 zilitakiwa ziwe zimesimbwa tokea kiwandani, zile dhaifu zikaachwa, af kuanzia Android 10 simu mpya zote lazima. Kila kitu kinaandikwa kwa mafumbo na ufunguo wa mafumbo unakaa sehemu yake peke yake.

Mjomba hakuelewa nikamwonyesha boksi la sabuni nyuma yake. Wenye maduka wa zamani wanaandika bei ya kununulia kwa herufi, wana neno moja la herufi 10 zisizojirudia, kila herufi ni tarakimu, mteja akiona boksi limeandikwa herufi tatu haambulii kitu. Nikamuuliza, mjomba ukisahau hilo neno lako na hujamwambia mtu, hayo maboksi yote humu ndani nani atayasoma? Akanyamaza. Basi kurisetisha ndo huko, simu inaulipua ufunguo. Mafumbo yanaweza kubaki kidogo kwenye chipu lakini hayasomeki, awe fundi wa stendi au wa wapi. (Neno lake bado hajaniambia mpaka leo, na mimi ni mpwa wake.)

Ila usiamini tu, angalia. Settings, kisha Security, tafuta Encryption & credentials, simu nyingi hapo zinaandika Encrypted. Ya mjomba iliandika. Ingekuwa kile kisimu cha zamani sana ambacho hakijasimbwa, ningefanya tofauti, kwanza ningewasha usimbaji kama kipo, kama hakipo ningerisetisha, af nikaiweka irekodi video ya ukuta mpaka nafasi ijae, nikarisetisha tena, ili kurasa za zamani ziandikwe juu yake.

Kwahiyo mnunuzi kuona vitu vya mjomba haikuwa shida tena. Shida ilikuwa upande wa pili ambao ye hakuuwazia kabisa, kwamba kurisetisha kunafuta kweli kweli, na vitu vyake vingine havikuwa popote pengine duniani.

Nikamuuliza madeni ya wateja unaandika wapi siku hizi? Humu humu, kwenye Notes. Na namba za watu? Humu. Akasema si mambo yako Google, nikiweka namba yangu kwenye simu mpya yanarudi. Hapana. Ile app ya Notes iliyokuja na simu inaandika ndani ya simu tu, haipandi kokote usipoiwekea. Namba za watu nazo tulipoangalia nyingi zimeandikwa Device, maana yake zimehifadhiwa kwenye simu, chache ndo zilikuwa kwenye akaunti. Device ikifutwa zinaondoka nayo.

Tukafanya hivi. Majina tukayatoa kama faili moja la contacts.vcf kwa Export kwenye app ya Contacts, faili likatumwa kwenye WhatsApp yangu, nikalifungua kwenye simu yangu kuona kama majina yapo kweli. Hapo ndo watu wanakosea, wanaangalia bakapu kwenye simu ile ile wanayoifuta, bila shaka utayaona, si bado yamo. Madeni tukaona bora kaunta buku. Mi nasoma ye anaandika, mama chapati elfu kumi na nne, fundi baiskeli elfu sita na mia tano, mpaka watu 23, na katikati kila jina lina kesi yake inasimuliwa, ndo maana tulifika saa nne ya usiku.

WhatsApp nayo ana imani yake kwamba chati zinafuata namba. Namba inarudisha akaunti na magrupu, meseji za zamani zinatoka kwenye bakapu tu. Yake ilikuwa haijapanda tangu mwezi wa pili kwasababu imewekwa ipande kwa Wi-Fi peke yake na dukani hamna Wi-Fi. Nikampa data yangu, Settings, Chats, Chat backup, Back up, video nikaziacha, ikachukua kama robo saa. Kuirudisha anahitaji namba ile ile na akaunti ile ile ya Google.

Akaunti ipi? "Sijui, alinitengenezea yule kijana aliyeniuzia." Pasiwedi? Hajui.

Hapa nilikaa chini vizuri maana ndo mahali simu nyingi zinafia. Mjomba alishafundishwa njia ya mkato, zima simu, shikilia kitufe cha kuwashia na cha sauti, chagua Wipe data, kwisha. Dhana ni kwamba ukiifuta hivyo simu inakuwa kama mpya na mtu yeyote anaweza kuianza. Inafutika ndio. Ila tangu Android 5.1, mwaka 2015, kuna ulinzi unaitwa FRP, na ukiifuta simu kwa vitufe akaunti ikiwa bado imo, simu inakuchukulia kama mwizi. Inawaka vizuri, inachagua lugha, inaunganisha intaneti, kisha inadai pini ya zamani au akaunti iliyokuwemo mwanzo. Mnunuzi hana, na mjomba mwenyewe hana. Meza yangu imepitiwa na simu za namna hiyo nyingi tu, muuzaji na mnunuzi wamegombana mpaka wamefika kwa mjumbe, na hakuna aliyeiba.

Dawa ni kuitoa akaunti kabla. Lakini kwanza pasiwedi, kwasababu akiitoa bila kuijua bakapu yote ya WhatsApp na picha zinabaki nyuma ya mlango usiofunguka. Na muda mzuri wa kurudisha pasiwedi iliyosahaulika ni wakati simu bado imo ndani ya akaunti, Google inatuma swali pale pale kwenye skrini kuuliza kama ni wewe. Tukaandika barua pepe yake kwenye ukurasa wa nyuma wa kaunta buku, tukaweka pasiwedi mpya, nikaijaribu kwenye simu yangu ikaingia, nikaitoa. Google wanashauri ukibadili pasiwedi usubiri saa 24 kabla ya kurisetisha, hilo linakubana kama akaunti itabaki kwenye simu, sisi tulikuwa tunaitoa.

Memori kadi tukaichomoa. Kurisetisha kwa kawaida hakuigusi, na yake ilikuwa na picha ya kitambulisho cha NIDA na ya leseni ya biashara. Laini nayo tukachomoa, ikaenda kwenye kiswaswadu chake, ikabidi nitafute adapta maana tundu ni kubwa. Alikuwa na hofu hela za kwenye laini zitafutika pamoja na simu, hela ziko kwenye mtandao, simu ni dirisha tu. Zinazofutika ni meseji za miamala, na hizo ndo anataka zifutike.

Ndo tukaingia kazini sasa. Chaji imo, betri 70. Settings, Accounts, akaunti ya Google, Remove account. Ufunguo wa skrini nikauweka None. Kisha Settings, System, Reset options, Erase all data, ikauliza mara mbili, mjomba akabonyeza mwenyewe kwa kidole cha shahada kama anasaini mirathi. Dakika kama tano hivi, ikazima ikawaka.

Usiishie pale kwenye ukurasa wa kukaribisha ukasema imekubali, kwasababu hata simu iliyofungwa inakukaribisha vizuri. Nikaunganisha intaneti nikaendelea mpaka pale inapoomba akaunti. Ikaandika Skip. Ingekuwa na FRP hiyo Skip usingeiona, ungeona kufuli dogo na maneno kwamba simu imefutwa na uthibitishe akaunti. Nikaizima pale pale. IMEI tukanakili kutoka kwenye boksi, ile ile inayotokea ukibonyeza *#06#, kurisetisha hakuibadili, ikaingia kwenye karatasi ya mauziano.

Asubuhi kijana alikuja, akaianza mbele yetu, akaweka akaunti yake, akahesabu noti. Hajapotea kona mama chapati akaingia, anachagua nyanya huku anachungulia kaunta, akasema "mzee nasikia umeuza simu, sasa na yale mahesabu yetu si yameenda nayo?"

Mjomba akavuta kaunta buku kutoka chini ya mizani.