Barua ya mwanasaikolojia ya kukataa kesi: maana yake na kilichomo ndani

Mwanasaikolojia akikuandikia kwamba hatamchukua mtoto wako, wazo la kwanza ni kuwa amekukimbia. Mara nyingi sivyo. Barua ya namna hiyo huitwa tu barua ya rufaa, ingawa jina hilo linaficha nusu ya kazi yake. Kwanza inakataa, kisha inaelekeza. Mwandishi anasema tatizo mliloleta liko nje ya umahiri wake, na anawatajia watu wanaolimudu.

Umahiri hapa si cheti kilichotundikwa ukutani. Leseni humruhusu mtu kufanya kazi ya saikolojia, lakini haimfanyi aweze kila tawi lake. Kanuni za maadili za Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, kifungu 2.01, humtaka mtaalamu abaki ndani ya yale aliyoyapata kwa elimu, mafunzo, kazi aliyoifanya akisimamiwa na uzoefu wake. Kusoma vitabu viwili usiku wa kuamkia miadi hakutoshi.

Chukua mfano huu. Mama anamwandikia mwanasaikolojia kuhusu binti yake wa miaka 14. Kwa miezi minne binti ameshuka kutoka kilo 52 hadi 43. Hedhi imekatika. Anakata chakula vipande vidogo vidogo na kuvizungusha kwenye sahani, anavaa sweta hata kukiwa na joto, na wiki iliyopita alizirai shuleni. Mama anaomba miadi ya “kuongea naye tu, labda ana mawazo”. Aliyeandikiwa ni mtu mzuri katika kazi yake: anapima watoto wenye shida ya kusoma na kuandika, na anatibu wasiwasi uliopitiliza. Matatizo ya ulaji hajawahi kuyatibu.

Kwa nini asijaribu? Kwa sababu kwa binti huyu mazungumzo peke yake ni sehemu ndogo ya tiba. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu hupunguza mapigo ya moyo, na ubongo wenye njaa huzidi kung'ang'ania mawazo ya chakula na uzito. Lazima awepo daktari wa kumpima uzito, kuhesabu mapigo yake akiwa amelala na akiwa amesimama, na kuangalia madini ya potasiamu na fosfeti kwenye damu. Hata kumlisha kuna hatari yake: aliyedhoofika sana akianza ghafla kula kwa wingi, fosfeti ya damu inaweza kuporomoka na moyo ukayumba. Na tiba ya kisaikolojia yenye ushahidi mzuri kwa vijana wa umri huo huwahusisha wazazi moja kwa moja. Wao ndio wanaoshika usukani wa milo nyumbani, kisha wanamrudishia mtoto madaraka hayo hatua kwa hatua, kwa miezi sita hadi kumi na miwili. Chimbuko lake ni Hospitali ya Maudsley, London, na haifanyiki kwa kubahatisha. Mtaalamu asiyeijua anaweza kukaa na binti wiki nane wakizungumzia kujiamini huku kilo zikiendelea kupungua, na mama akiwa ametulia akidhani mtoto yuko kwenye matibabu. Mimi naona hapo ndipo penye madhara makubwa kuliko kukataa.

Sasa barua yenyewe. Kwa hali kama hii mwandishi mzuri hupiga simu kwanza, siku hiyohiyo, halafu barua inafuata kama kumbukumbu. Inaweza kusomeka hivi:

“Ndugu wazazi, asanteni kwa kuniamini na habari za binti yenu. Nimeisoma barua yenu kwa makini na nimeona kwamba mimi si mtu sahihi wa kumtibu. Kazi yangu ni tathmini za kujifunza na matibabu ya wasiwasi kwa watoto. Sina mafunzo ya matatizo ya ulaji. Sababu ni mipaka yangu, si kwamba binti yenu ana shida isiyotibika. Dalili mlizonieleza zinahitaji kuonwa na daktari haraka, ndani ya siku mbili, kabla ya miadi yoyote ya saikolojia. Akizirai tena, akiumwa kifua, akikataa hata maji, au akisema hataki kuishi, mpelekeni kitengo cha dharura bila kusubiri miadi wala jibu langu.”

Angalia anavyochagua maneno. Anasema “dalili mlizonieleza”, hasemi “binti yenu ana anoreksia”, yaani ugonjwa wa kujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa. Hajamwona mtoto, kwa hiyo hana haki ya kumpachika jina la ugonjwa, na jina likishaandikwa kwenye karatasi humfuata mtoto kila anakokwenda. Hata hivyo hajajificha nyuma ya tahadhari hiyo, kwani uzito wa hali ameusema waziwazi na muda ameutaja. Barua inayosema “mtafuteni mtaalamu mwingine mapema iwezekanavyo” imekwepa kazi. Mapema ni lini?

Sehemu ya pili hutaja huduma mbili au tatu, na hapa ndipo barua nyingi hupwaya. Kunakili majina kutoka orodha ya zamani ni rahisi. Kazi ni kupiga simu na kuuliza: mnapokea mwenye miaka 14? Mna daktari kwenye timu? Foleni ni ya muda gani? Kwa binti huyu chaguo la kwanza ni kliniki yenye daktari, mtaalamu wa lishe na mwanasaikolojia wanaofanya kazi pamoja. La pili ni daktari wa watoto atakayempima kila wiki wakati wakisubiri nafasi. Barua huwapa wazazi na swali la kuuliza wakifika: “Mmeshatibu vijana wa umri huu wenye tatizo la ulaji, na sisi wazazi mtatushirikisha vipi?” Mwandishi hapokei chochote kwa kuwataja hao, na hatumi habari za mtoto kwao mpaka wazazi waridhie.

Ipo pia sentensi moja ambayo wazazi huiona baridi: “Kwa hiyo sijaanza kuwa mtaalamu wa binti yenu.” Imewekwa ili pasiwe na anayedhani mtoto ana mtu anayemwangalia wakati hana. Ikifuatiwa na “nitawapigia Ijumaa kujua kama mmepata daktari”, baridi yake hupungua sana. Ahadi hiyo ikitolewa, lazima itimizwe.

Mambo hubadilika kama matibabu yalikwishaanza. Tuseme binti aliletwa kwa ajili ya wasiwasi wa mitihani, na suala la chakula likajitokeza kwenye kikao cha sita. Barua ya kukataa haitoshi tena, maana sasa mtaalamu ana mteja. Anatakiwa kukabidhi kazi taratibu: kuzungumza na binti mwenyewe, kumwandikia mwenzake muhtasari kwa ridhaa ya familia, na kutomwacha mpaka apokelewe.

Na pale ambapo hakuna kabisa mtaalamu wa karibu? Kifungu kilekile cha 2.01 kinaacha mlango kidogo: mwenye mafunzo yanayokaribiana na tatizo anaweza kulichukua ili watu wasikose huduma, mradi afanye juhudi za kweli kujipatia umahiri unaohitajika. Mtaalamu wetu anaweza kutafuta msimamizi anayejua matatizo ya ulaji wazungumze kwa simu kila wiki, huku daktari wa karibu akipima uzito na mapigo. Hapo barua hugeuka. Haikatai tena, inawaeleza wazazi anachokijua, asichokijua, ni nani anayemsimamia, na kwamba uzito ukiendelea kushuka binti atapelekwa hospitali hata kama ni mbali.