Unukuzi wa mahojiano: kwa nini Kiswahili kiandikwe kwanza

Unukuzi ni kuyaandika maneno ya kwenye rekodi kama yalivyosemwa, katika lugha ileile ya msemaji. Tafsiri ni kazi nyingine inayofuata baadaye. Watafiti wengi huziunganisha: msaidizi anasikiliza Kiswahili na kuchapa Kiingereza papo hapo. Sababu inaeleweka, maana rekodi ya saa moja huweza kula saa tano au zaidi kabla haijaisha kuandikwa. Lakini ukiruka hatua ya kwanza, hutakuwa na maandishi ya kulinganisha. Msaidizi ameshaamua maana peke yake, na hakuna anayeweza kuona aliamua nini.

Tuchukue mfano wa kutunga, wa aina inayosikika kwenye mahojiano kuhusu malaria Tanzania. Mama anasema: "Ilikuwa saa mbili usiku, mtoto akashikwa na degedege. Bibi yake akasema tusimpeleke hospitali kwanza, eti akichomwa sindano atakufa."

Saa mbili usiku kwa Kiingereza ni 20:00. Msaidizi aliyechoka akiandika 2, tukio limesogea hadi usiku wa manane, na mchambuzi ataanza kufikiria habari za kukosa usafiri.

Degedege ni gumu zaidi. Kiingereza cha hospitali kina neno la mwili kukakamaa na kutikisika, lakini kwa familia nyingi degedege ni ugonjwa wenye chanzo chake, unaohusishwa na pepo anayekuja kama ndege, na wenye mganga wake. Ukiweka neno la daktari, umemtoa mganga kwenye maelezo kabla uchambuzi haujaanza. Heri neno libaki degedege ndani ya Kiingereza, na maelezo yake yakae kwenye faharasa ambayo wafasiri wote wa mradi wanaitumia.

Halafu kuna "kwanza" na "eti", maneno ambayo huanguka bila mtu kugundua. "Kwanza" inaonyesha bibi aliahirisha, hakukataa. "Eti" inaonyesha mama anaripoti maneno ya mwenzake bila kuyadhamini. Yaondoe, na ripoti itasema mama huyu anaamini sindano inaua.

Njia moja ya kukagua ni kumpa mtu wa pili Kiingereza tu, akirudishe kwenye Kiswahili, kisha mlinganishe na unukuzi. Asiwe ameiona nakala ya awali wala kusikia rekodi, la sivyo atarudisha "eti" kwa kumbukumbu na kosa litajificha.

Hata hivyo, maandishi hayatakwambia kama "eti" hiyo ilisemwa kwa kejeli au kwa hofu. Ndiyo maana mnukuzi mzuri huweka alama ya muda, mathalani [14:32], na kuandika kando [anacheka] au [kimya], ili mchambuzi arudi kwenye sauti yenyewe.