Ng'ombe alifika majini au alipita tu? Namna ya kusoma nukta za kola

Katika ukanda wa ng'ombe wa Uganda, unaoanzia Ntungamo na Isingiro kule kusini-magharibi na kupanda hadi Karamoja, kila kiangazi kinakuja na swali lile lile: lambo hili linanywesha mifugo ya nani, na inatoka umbali gani? Wachungaji wanajua jibu, lakini kila mmoja analijua kwa kundi lake. Ndiyo maana baadhi ya ng'ombe huvalishwa kola yenye kipokezi cha GPS. Watu wengi hudhani kazi ngumu ni kuifunga kola ile shingoni. Kufunga ni kazi ya dakika chache, ng'ombe akishashikwa vizuri. Kazi yenyewe inaanza pale unapofungua faili na kukuta maelfu ya mistari ya tarakimu, na hakuna mstari hata mmoja unaosema "amekunywa".

Kipokezi husikiliza ishara za setilaiti, hukadiria mahali kilipo, kisha huandika mstari mmoja: saa, latitudo, longitudo, idadi ya setilaiti zilizosikika, na kipimo kinachoitwa HDOP ambacho hueleza kama setilaiti hizo zilikuwa zimetawanyika vizuri angani au zimerundikana upande mmoja. HDOP ikiwa karibu na 1, hali ni njema. Ikipanda kupita 5, nukta hiyo itazame kwa shaka. Mahali palipo wazi, nukta nzuri hukosea kwa mita chache tu. Chini ya miti mikubwa au kando ya genge la mlima, kosa linaweza kukua mara nyingi zaidi.

Kabla ya kufunga kola lazima uamue kipokezi kiandike kila baada ya muda gani, na hapa ndipo tafiti nyingi za maji huharibika mapema. Ukipanga kila saa moja, betri itadumu muda mrefu, na utakuwa na nukta 24 kwa siku. Lakini kundi likikaa kwenye birika la kunyweshea dakika 45, kuna siku ambazo ziara nzima itaangukia katikati ya nukta mbili na faili halitaonyesha lolote. Siku zitakazobaki utapata nukta moja tu, na nukta moja haikuambii kama ng'ombe alisimama au alikuwa anapita. Mimi hupendelea dakika 15, yaani nukta 96 kwa siku, kwa kazi yoyote inayohusu maji. Dakika 5 ni bora zaidi, ila betri huisha upesi, na kuna tatizo jingine nitakalolieleza mbele.

Tuchukue mfano, tarakimu zikiwa nimezipanga kwa ajili ya kufundishia. Lambo liko katika nyanda za Karamoja. Katikati yake ni latitudo 2.61500, longitudo 34.52000. Ng'ombe mmoja wa kundi amevaa kola, na faili la siku moja lina mistari hii:

```
UTC    lat      lon       set  HDOP
08:45  2.60720  34.51300  9    0.9
09:00  2.61120  34.51660  9    1.0
09:15  2.61455  34.51952  8    1.1
09:30  2.61463  34.51945  8    1.1
09:45  2.63870  34.53410  3    7.2
10:00  2.61451  34.51956  9    1.0
10:15  2.61230  34.52410  9    0.9
```

Anza na saa. Vipokezi huandika saa ya UTC, nasi Uganda tuko saa 3 mbele yake. Mstari wa 09:15 kwa hiyo ni 12:15 kwa saa ya hapa, yaani saa sita na robo mchana. Inaonekana jambo dogo, lakini ukisahau kuongeza saa hizo 3 utaandika ripoti inayosema ng'ombe wa Karamoja hunywa maji asubuhi, na kila mchungaji atakayeisikia atakucheka. Haya, turudi kazini.

Sisi tulio karibu na ikweta tuna bahati ambayo watu wa nchi za mbali hawana. Hapa nyuzi moja ya latitudo na nyuzi moja ya longitudo zina urefu unaokaribiana sana, takriban kilomita 111 kila moja. Kwa hiyo umbali kati ya nukta mbili zilizo karibu unaweza kuupata kwa kikokotoo cha simu:

```
umbali (m) = 111000 * sqrt((lat1-lat2)^2 + (lon1-lon2)^2)
```

Ukiitumia kanuni hii kupima kila nukta na katikati ya lambo, unaona kundi likisogea: saa 08:45 liko mita 1,160 hivi, saa 09:00 mita 570, saa 09:15 mita 73. Kati ya 08:45 na 09:00 lilitembea karibu mita 600 kwa robo saa, sawa na kilomita 2.4 kwa saa. Huo ni mwendo wa ng'ombe wanaoswagwa kwenda mahali fulani huku wakidonoa nyasi njiani.

Halafu unafika 09:45 na unashangaa. Ng'ombe yuleyule aliyekuwa ametulia kando ya lambo ameruka zaidi ya kilomita 3 kwa robo saa, na robo saa nyingine amerudi pale pale alipokuwa. Mwendo wa zaidi ya kilomita 12 kwa saa, kwenda na kurudi bila kupumzika, ng'ombe hauwezi mchana wa kiangazi. Tazama safu mbili za mwisho: setilaiti 3 na HDOP 7.2. Setilaiti 3 hazitoshi kupata mahali pamoja na kimo. Zinahitajika angalau 4. Nukta hiyo inatupwa. Angalia lakini kwamba hatukuitupa kwa sababu iko mbali. Tumeitupa kwa sababu dalili tatu zimekubaliana: mwendo usiowezekana, kurudi mahali pale pale, na ishara dhaifu. Nukta iliyo mbali lakini yenye setilaiti 9 na mwendo wa kawaida huenda ndiyo habari muhimu kuliko zote ulizonazo, kwa mfano kundi limeamua kuhamia maji mengine.

Zinabaki nukta tatu, 09:15, 09:30 na 10:00, zote kama mita 73 kutoka katikati ya lambo, upande wa kusini-magharibi. Kwa nini hakuna hata moja iliyo ukingoni mwa maji? Kwa sababu malambo mengi yamezungushiwa uzio ili mifugo isiingie na kuyachafua, na maji husukumwa hadi kwenye birika lililojengwa pembeni. Ng'ombe anakunywa birikani. Ukichora duara la mita 50 kuzunguka katikati ya lambo, utahitimisha kwamba kundi hili halikufika majini kabisa. Duara lichorwe kuzunguka birika, na liwe na upana wa kutosha kubeba kosa la kipokezi pamoja na ng'ombe wanaosubiri zamu. Kwa birika moja, mita 50 hadi 100 kwa kawaida inafaa. Kama lambo halina uzio, fuata ukingo wa maji wenyewe, na kumbuka kwamba mwezi wa Februari ukingo huo hauko pale ulipokuwa Novemba.

Sasa ziara inasomeka. Ng'ombe alikuwepo kuanzia 09:15 hadi 10:00 bila shaka, yaani dakika 45. Lakini saa 09:00 alikuwa bado njiani, na saa 10:15 alikuwa ameshaondoka, hivyo ziara yake haikuzidi dakika 75. Ripoti iseme hivyo: kati ya dakika 45 na 75. Anayeandika "dakika 45" peke yake anadai usahihi ambao kola haikumpa.

Je, alikunywa? Kunywa kwenyewe huchukua dakika chache. Zilizobaki ni foleni, mapumziko na kungoja wenzake. Nukta haiwezi kutofautisha hayo. Ukitaka lita, lazima uhesabu vichwa birikani na kukadiria. Ng'ombe mwenye kilo 250 hivi huhitaji takriban lita 25 kwa siku wakati wa kiangazi, lakini ukali wa jua, ukavu wa malisho na maziwa anayotoa hubadilisha sana kiasi hicho. Kinachosomeka vizuri kwenye nukta ni mpishano wa ziara. Ukiona ziara leo, kesho hakuna, kesho kutwa ipo, kundi linanyweshwa siku moja na kukaa siku inayofuata bila kunywa, na mara nyingi ni kwa sababu malisho yaliyobaki yako mbali mno na maji. Mpishano huo ukianza kurefuka katikati ya kiangazi, ni ishara kwamba nyasi za karibu na lambo zimekwisha, hata kama maji bado yapo.

Tahadhari kuhusu ukimya wa faili. Siku kumi bila ziara yoyote lamboni hazina maana kwamba ng'ombe wamekaa na kiu. Mvua ikinyesha, vidimbwi viko kila mahali na havipo kwenye ramani yako. Kiangazi nako wachungaji huchimba visima katika mchanga wa mito iliyokauka. Kwenye nukta, kisima kama hicho huonekana kama mkusanyiko wa mchana ndani ya mkondo wa mto, lakini mti mkubwa wenye kivuli huonekana vivyo hivyo. Hapo hakuna hesabu itakayokusaidia. Chukua pikipiki uende ukaone, au mwulize mchungaji siku ile ile kabla hajasahau.

Nilisema nukta za dakika 5 zina tatizo lake. Usiku ng'ombe wako zizini, wamelala, lakini nukta hazilali. Kila moja inakosea kidogo upande wake. Ikiwa wastani wa kuyumba ni mita 4, saa 10 za usiku zenye nukta za dakika 5 zinakupa hatua 120, na kikokotoo kitajumlisha mita 480 ambazo ng'ombe hakuzitembea. Kwa dakika 15 ni mita 160. Lakini usiku huo huo ni zawadi, kwa maana unakuonyesha kola yako inayumba kiasi gani. Pima hatua za usiku zizini, kisha mchana usihesabu hatua yoyote isiyozidi iliyo ndefu zaidi kati ya hizo. Katika mfano wetu, usiiamini hatua ya mita 12 kati ya 09:15 na 09:30 birikani kuwa mwendo kabla ya kuilinganisha na hizo za usiku.

Jambo la ramani pia huwapata wengi. Ramani za zamani za Uganda zilichorwa kwa mfumo wa vipimo vya mahali uitwao Arc 1960, ilhali kola hutumia mfumo mwingine, WGS 84. Ukichukua tarakimu za lambo kutoka ramani ya karatasi bila kuzibadilisha, lambo litakaa kiasi cha mita 300 kutoka lilipo, na duara lako la mita 100 litakuwa porini. Nenda na simu hadi birikani upime hapo hapo.

Na faili lenyewe lilindwe. Katika maeneo yenye wizi wa mifugo, nukta ya leo inamwambia mwizi mahali pa kwenda usiku huu. Taarifa za mahali zisitolewe nje ya kazi mpaka kundi limehama, na mwenye ng'ombe aambiwe tangu siku ya kwanza ni nani ataziona.