Magauni 60 yaliyobaki baada ya Idi: ushushe bei, utoe sadaka au uyaweke?

Tuchukue duka la nguo za watoto mjini Tanga. Mwenye duka aliingiza magauni ya sikukuu 200, kila moja kwa shilingi 12,000, akayauza kwa 25,000. Idi ndogo imepita na yamebaki 60. Katika madarasa yetu ya wafanyabiashara, jibu la kwanza huwa lile lile: "Mwalimu, nikiuza chini ya bei niliyonunulia si nimekula hasara?"

Tupige hesabu kwanza. Magauni 140 yaliyouzwa yameingiza shilingi 3,500,000, na mzigo mzima ulinunuliwa kwa 2,400,000. Mtaji umesharudi, na juu yake kuna 1,100,000 kabla ya pango na mshahara wa msaidizi. Kwa hiyo ile 12,000 haina tena la kuamua. Swali ni gauni hili lililoning'inia hapa litaleta kiasi gani, na lini.

Kuyaweka hadi mwakani kunaonekana rahisi kwa sababu hakuna pesa inayotoka mkononi. Lakini Idi ndogo hurudi baada ya siku 354 hivi, na katika muda huo mtoto aliyevaa saizi ya miaka 4 anataka ya miaka 5, na mtindo umebadilika. Halafu kuna joto na unyevu wa pwani. Fungua mfuko wa nailoni uliokaa stoo mwaka mzima: mpira wa kiunoni umelegea, vijiwe vilivyogandishwa kwa gundi vimebaki chini ya mfuko, na penye mikunjo pana mistari ya njano. Tuseme kati ya 60 yatauzika 40 kwa 20,000. Hiyo ni 800,000, tena baada ya mwaka ambao pesa hiyo ingekwishazunguka kwenye sare za shule. Mimi ningeweka kanzu nyeupe za kawaida tu, kwa kuwa mtindo wake haubadiliki, zikiwa zimefuliwa na kufungwa kwenye kitambaa cha pamba, si nailoni.

Kwa magauni haya ningeshusha bei, ila kwa kuangalia kalenda. Kati ya Idi ndogo na Idi kubwa kuna siku 68 hivi. Wengi huogopa mzigo siku ya tatu tu baada ya Idi, wakatupa kila kitu kwa 10,000, kisha wiki tisa baadaye wanatafuta magauni ya kuuza na hawana.

Kabla ya kugusa bei, hesabu kwa saizi. Mara nyingi kinachobaki ni ncha mbili, za miaka 2 na za miaka 12, huku saizi za kati zikiwa chache. Ukibandika punguzo kwenye duka zima unapunguza na zile ambazo zingenunuliwa bila punguzo. Saizi za kati ziache kwenye 25,000. Hizo za ncha zishushe mara moja hadi 20,000, punguzo ambalo mteja analiona. Ukishusha elfu moja moja kila wiki, mteja anajifunza kungoja. Na kama wiki mbili zimepita na mwendo wa mauzo haujabadilika, tatizo huenda si bei bali saizi au rangi, na kushusha tena hakutasaidia sana.

Tuseme mauzo yameenda hivi: 14 kwa 20,000 katika mwezi wa kwanza, na 26 kuelekea Idi kubwa, 10 ya saizi za kati kwa 25,000 na 16 kwa 20,000. Baada ya sikukuu, 12 yanatoka kwa 12,000. Jumla ni 994,000, na sehemu kubwa ya pesa hiyo iko mkononi ndani ya miezi miwili na kitu.

Nane yaliyosalia hayakuhesabiwa humo kwa sababu yalikwishatolewa sadaka, na yalitolewa kabla ya Idi kubwa, yale ya saizi ambayo haikugusika kabisa. Gauni la sikukuu likifika kwa yatima wiki moja baada ya sikukuu, limechelewa. Usitarajie nafuu ya kodi: mfanyabiashara mdogo anayekadiriwa kwa mauzo yake hapunguziwi chochote kwa kutoa nguo. Na kama ulikuwa unafikiria kuyahesabu kuwa zaka, muulize sheikh wako kwanza, maana wanazuoni wametofautiana juu ya kutoa zaka ya biashara kwa bidhaa badala ya fedha.

Kabla ya kubeba mfuko, pigia kituo simu uulize umri wa watoto. Nimewahi kuona magauni ya miaka 2 yakipelekwa kwenye kituo ambacho mtoto mdogo kuliko wote alikuwa na miaka 7.