Oili Inapokimbilia Upande Mmoja: Sampu Yenye Oili na Sampu Kavu

Weka beseni la maji kwenye buti ya gari, kisha ukate kona kwa kasi. Utakapofungua buti, zulia litakuwa limelowa. Jambo hilohilo hutokea chini ya injini kila unapokata kona, ila huko hakuna anayeliona, na kilichomo si maji bali ni oili ambayo injini haiwezi kukaa bila nayo hata kwa sekunde chache.

Injini nyingi za magari tunayoendesha kila siku hutumia sampu yenye oili. Sampu ni lile karai la bati au alumini lililofungwa kwa bolti chini kabisa ya injini, na ndilo ghala la oili yote. Bomba fupi lenye chujio la wavu limezamishwa humo. Pampu huvuta oili kupitia bomba hilo, huisukuma kwenye filta, kisha kwenye vijia vinavyoipeleka hadi kwenye beringi za kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, za konrodi zinazoiunganisha na pistoni, na za kemshafti. Ikimaliza kazi huchuruzika yenyewe na kurudi kwenye karai. Mpango huu ni rahisi, una vipuri vichache, na kwa gari la kwenda kazini sioni sababu ya kuubadili.

Tatizo huanza pale mzigo wa kona unapokuwa mkubwa. Wahandisi hupima mzigo huo kwa kuulinganisha na mvutano wa dunia, ambao huitwa g moja. Dereva wa kawaida mwenye abiria nyuma mara chache hupita 0.4 g, kwa sababu abiria wataanza kulalamika kabla ya matairi. Gari la michezo lenye matairi mazuri kwenye lami kavu hufika karibu 1 g. Gari la mashindano lenye matairi laini ya mbio hupita hapo.

Tuchukue sampu ya kubuni tuipigie hesabu. Upana wake ni sentimita 30, urefu sentimita 40, na bomba la kufyonzea liko katikati, yaani sentimita 15 kutoka kila ukuta wa pembeni. Tumetia lita 4 za oili, lakini injini inapofanya kazi lita moja hivi huwa iko juu: kwenye vijia, kwenye silinda hedi, na nyingine bado iko njiani kurudi. Zinabaki lita 3 kwenye karai. Gari likiwa limetulia, oili hiyo ina kina cha sentimita 2.5 kila mahali na bomba limezama vizuri.

Sasa gari linaingia kona kwa 0.5 g. Uso wa oili haubaki bapa. Unainama, na oili inarundikana upande wa nje wa kona. Ukikokotoa utaona oili imefika sentimita 17 kutoka ukuta wa nje, na pale katikati kina kimebaki kama sentimita moja tu. Bomba bado linapata oili, ila kwa taabu. Dereva akiongeza mwendo hadi 1 g, uso wa oili unainama kwa nyuzi 45 kamili. Oili yote sasa ni pembetatu iliyojibana ukutani, na ncha yake inaishia sentimita 12 kutoka ukuta huo. Bomba liko kwenye sentimita 15. Lita 3 zote zimo ndani ya sampu, hakuna hata tone lililovuja, lakini pampu inavuta hewa.

Pampu haijui tofauti, tena hewa huvutika kwa urahisi kuliko oili. Beringi ndizo zinazojua. Kranki haikai juu ya chuma cha beringi, inaelea juu ya utando wa oili uliomo katika nafasi ya takriban milimita 0.05, nyembamba kuliko unywele. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, hiyo ni mara 100 kwa kila sekunde. Kona ya sekunde tatu ni mizunguko 300. Si yote itakayokosa oili, kwa kuwa ile iliyokwisha kuingia kwenye vijia husaidia kwa muda mfupi, lakini hewa ikishafika kwenye beringi za konrodi utando hukatika na chuma husuguana na chuma. Kona moja huenda isiue injini. Kona ileile ikirudiwa mara thelathini katika mbio moja hula beringi kidogo kidogo, mpaka siku moja injini inanoki na konrodi inatoboa bloku.

Kwa bahati mbaya taa nyekundu ya oili si mlinzi mzuri hapa. Swichi yake imewekwa iwake presha ikiwa imekaribia kwisha kabisa, na dereva aliye katikati ya kona kali anatazama barabara. Geji ya presha inasema mapema zaidi: mshale ukidondoka katika kona ndefu kisha ukapanda gari likinyooka, bomba linavuta hewa. Mkiwa gereji, kateni filta ya oili iliyotolewa na muikunjue karatasi yake. Ikiwa inang'aa vumbi la shaba au la fedha, beringi zimeanza kulika. Na kwa gari lako la kawaida, taa ikimulika unapozunguka kipilefti au unapofunga breki ghafla, usifikirie sampu kavu, ule mfumo wenye tangi la pembeni nitakaoufikia hapa chini. Pima oili kwanza, karibu hakika imepungua.

Dawa ya kwanza ambayo watu hujaribu ni kuongeza nusu lita. Husaidia kidogo, lakini oili ikipanda hadi kufikiwa na kranki hupigwa mpaka ikawa povu, na povu ndani ya beringi ni hewa ileile kwa jina lingine. Dawa ya pili ni bora: kuweka vizuizi vya bati ndani ya sampu, vyenye vilango vinavyofunguka kuelekea kwenye bomba tu, ili oili iingie na isitoke. Kwa mtu anayepeleka gari lake kwenye kiwanja cha mbio mara mbili kwa mwaka, mimi humwambia aishie hapo na pesa iliyobaki anunue breki.

Sampu kavu inalitatua jambo kwa njia tofauti kabisa. Inatenganisha mahali oili inapodondokea na mahali pampu inapochotea. Chini ya injini hubaki kisahani chembamba tu, na pampu za kunyonya, mara nyingi mbili au tatu au zaidi, huvuta kila kinachodondoka humo na kukipeleka kwenye tangi lililofungwa pembeni. Pampu nyingine ya presha huchota chini ya tangi hilo na kulisha injini. Pampu za kunyonya kwa pamoja lazima ziwe na uwezo mkubwa kuliko ile ya presha, kwa sababu zinachovuta si oili tupu. Ni mchanganyiko wa oili, hewa, na moshi uliopenya kwenye ringi za pistoni. Zikiwa ndogo, oili itajaa chini ya kranki na tangi litakauka.

Kwa hiyo haidhuru tena kama kinachorudi kina hewa. Kinaingia juu ya tangi kwa pembeni, kinazunguka ukutani kama maji yanayoingia shimo la sinki, oili inashuka na hewa inapanda. Na umbo la tangi ndilo lenye siri. Chukua tangi la mviringo lenye kipenyo cha sentimita 18 na kimo cha sentimita 50, ulitie lita 8. Kina cha oili ni sentimita 31. Katika kona ya 1 g uso wake unainama kwa nyuzi 45 zilezile za mwanzo, lakini kwa kuwa tangi ni jembamba, upande ulioshuka umeshuka sentimita 9 tu, na juu ya mdomo wa kutolea oili bado kuna sentimita 22. Hata kwa 2 g zinabaki 13. Kwa nini basi sampu ya kawaida isifanywe ndefu namna hiyo? Kwa sababu iko chini ya injini, na ingeburuza barabarani.

Hapo ndipo inapokuja faida ya pili. Karai likiondoka, injini nzima inaweza kushushwa kwa sentimita kadhaa, na uzito ukiwa chini gari hulala kidogo kwenye kona. Magari ya Formula 1, ambayo yote hutumia sampu kavu, yana pia klachi ndogo sana, maana baada ya karai kuondoka kinachozuia injini isishuke zaidi ni upana wa klachi na flaiwili. Faida ya tatu ni nguvu: kranki haichapi tena oili, na zile pampu za kunyonya huacha presha ya chini ndani ya injini, hali inayosaidia ringi kuziba vizuri.

Porsche 911 ni mfano ninaoupenda kuutumia. Injini yake ina silinda zilizolala ubavu, tatu kila upande, kama zilivyolala nne za Subaru. Katika injini za namna hii oili inaposukumwa na kona haiishii ukutani mwa sampu, huingia hadi kwenye silinda hedi ya upande wa nje na kukawia huko. Gari hilo lilitoka kiwandani na sampu kavu tangu utengenezaji ulipoanza mwaka 1964, likibeba takriban lita 9, mara mbili ya gari la kawaida. Kwa kuwa lilipozwa kwa hewa, oili hiyo ilikuwa pia na kazi ya kuondoa joto. Wapenzi wa Safari Rally watakumbuka lilishika nafasi ya pili mwaka 1972, 1974 na 1978. Sitasema ni sampu iliyolifikisha hapo, ila kwenye mawe ya njia zile, kutokuwa na karai lililojaa oili chini ya injini si jambo dogo.

Gharama yake ni pampu nyingi, mipira mirefu na viungio vingi vya kuvuja. Katika magari mengi ya mashindano pampu huendeshwa na mkanda wa nje, na mkanda ukichomoka presha inakwisha papo hapo. Kuna pia shida ya kupima. Gari likilala usiku, sehemu ya oili huvuja polepole kutoka tangini kurudi chini ya injini. Mwenye gari asubuhi anachomoa stiki, anaikuta kavu, anaongeza lita mbili. Injini ikiwaka, pampu zinarudisha oili yote tangini, tangi linafurika, ziada inaingia kwenye njia ya hewa, na moshi wa buluu unajaa mtaa. 911 hizo za zamani hupimwa injini ikiwa ya moto, ikiunguruma taratibu, gari likiwa mahali tambarare.

Kiwanda chenyewe kiliwahi kunaswa na tangi lake. Kwa magari ya mwaka 1972 kililihamishia mbele ya gurudumu la nyuma la kulia, uzito usogee katikati, na mdomo wake ukapewa kifuniko cha nje nyuma ya mlango. Wahudumu wa vituo vya mafuta walikiona, wakadhani ni cha petroli, wakajaza. Mwaka uliofuata tangi lilirudishwa nyuma.