Supu ya kuku, kitunguu saumu, ekinasea na mtindi: kipi kinasaidia mafua?

Bibi alikuwa akitunywesha supu ya kuku kila tukishikwa na mafua. Ni dawa kweli, au ni mazoea tu?

Inapunguza adha, lakini haiui kirusi. Jambo hilo limewahi kupimwa, na kipimo chenyewe kinaeleza mengi.

Mwaka 1978 madaktari wa Miami, Marekani, waliwachukua watu 15 wazima wasio na mafua, wakapima kwa eksirei jinsi kamasi linavyotembea ndani ya pua. Kamasi halikai mahali pamoja. Vinyweleo vidogo mno vya ndani ya pua hulisukuma kuelekea kooni, nalo huondoka na vumbi na virusi. Walipokunywa supu ya kuku ya moto, mwendo wake uliongezeka kutoka milimita 6.9 kwa dakika hadi 9.2. Kwa maji ya moto uliongezeka pia, kutoka 6.2 hadi 8.4. Maji baridi yalifanya kinyume: kamasi lilipunguza mwendo, kutoka 7.3 hadi 4.5.

Hapo unaona kwamba kazi kubwa inafanywa na joto na mvuke, na supu inaongeza kidogo juu yake. Lakini baada ya nusu saa mwendo ulikuwa umerudi ulikoanzia. Ndiyo maana mgonjwa akishamaliza bakuli hujihisi pua imefunguka, na baadaye kidogo imeziba tena. Bakuli dogo dogo mara kadhaa kwa siku lina maana kuliko sufuria zima mara moja.

Utafiti wa pili unaotajwa sana ulitoka Nebraska mwaka 2000. Huko walichukua supu ya kuku iliyopikwa kwa vitunguu, karoti, viazi vitamu na mboga nyingine, wakaiweka kwenye vyombo vya maabara pamoja na chembe nyeupe za damu, zile zinazokimbilia sehemu yenye maambukizi. Penye supu, chembe hizo zilipunguza mbio. Hili si jambo dogo, kwa sababu pua kuvimba na koo kuwasha hutokana kwa sehemu kubwa na jinsi mwili wenyewe unavyopambana, si kirusi peke yake. Ila hakuna mgonjwa aliyekunywa supu katika utafiti ule. Chembe zilikuwa kwenye chombo, na kati ya chombo na pua ya mtu kuna tumbo, ini na mzunguko mzima wa damu. Anayekwambia kwamba sayansi imethibitisha supu inatibu mafua ameruka hatua hiyo.

Mimi supu naipendekeza bila wasiwasi. Inampa maji mtu asiyetaka kula, inampa chumvi na nguvu kidogo, na koo linatulia. Mwenye shinikizo la damu apike kuku wake mwenyewe na kupunguza viungo vya mchuzi vya paketi, maana vingi vina chumvi kupita kiasi.

Nikila punje ya kitunguu saumu kila asubuhi, mafua hayatanipata?

Huenda yakapungua, ila ushahidi wake umesimama kwa mguu mmoja.

Wataalamu wa Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya majaribio yote ya tiba fulani na kuyachuja, walitafuta majaribio ya kitunguu saumu na mafua. Katika mapitio yao ya mwaka 2014 walibaki na moja tu lililofaa. Lilikuwa na watu 146 waliofuatiliwa kwa wiki 12 za majira ya baridi. Nusu walimeza kila siku kidonge chenye miligramu 180 za alisini, ile kemikali inayokipa kitunguu saumu ukali wake. Nusu nyingine walimeza kidonge kisicho na dawa.

Waliomeza kitunguu saumu walipata mafua mara 24 kwa jumla. Wenzao mara 65. Ukigawa kwa idadi ya watu, kila mmoja aliepuka kama nusu ya mafua kwa miezi mitatu. Si haba. Lakini mafua yakishaingia, siku za kupona hazikutofautiana sana: karibu siku 4.6 upande mmoja na 5.6 upande wa pili. Kwa hiyo hata tukiliamini jaribio hili moja kwa moja, linazungumzia kinga ya kila siku. Halimsaidii mtu anayeanza kutafuna punje siku pua inapoanza kutiririka.

Je, tuliamini? Hapo mimi nasita. Washiriki walijiandikia wenyewe kwenye daftari siku walizohisi wana mafua. Na kitunguu saumu hakifichiki: ukimeza, ukicheua unakijua. Mtu akishajua kwamba amepewa dawa ya kweli, chafya mbili za asubuhi ataziita vumbi. Asiyepewa ataziita mafua. Jaribio jingine la mwaka 2012, la watu 120 kwa siku 90, lilitumia dondoo la kitunguu saumu kilichovundikwa kwa muda mrefu. Idadi ya waliougua haikutofautiana, ingawa waliokitumia waliripoti dalili chache zaidi.

Tena hivyo vilikuwa vidonge, si punje za jikoni. Alisini haimo tayari ndani ya punje nzima. Inazaliwa pale unapoiponda, kimeng'enya kinapokutana na kemikali nyingine. Ukitupa punje nzima kwenye mafuta ya moto, kimeng'enya kinakufa kabla hakijafanya kazi. Anayetaka alisini aponde, aache dakika kama kumi, ndipo atie kwenye chakula mwishoni mwa mapishi.

Wanaotumia warfarini au dawa nyingine za kuzuia damu kuganda wasianze vidonge vya kitunguu saumu bila kumwambia daktari, kwa sababu vinaweza kuongeza kutokwa damu. Wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI nao waulize kwanza: vidonge hivyo viliwahi kuonekana vikishusha kwa karibu nusu kiwango cha mojawapo ya dawa hizo, sakwinaviri, katika damu. Kiasi cha kitunguu saumu kinachoingia kwenye mchuzi wa kawaida ni habari nyingine.

Na nawasihi, kisifungwe kwenye ngozi ya mtoto wala kuingizwa puani. Kitunguu saumu kibichi kilichopondwa kinaunguza kama maji ya moto. Nimeona shavu la mtoto lenye malengelenge baada ya usiku mmoja tu, na mama yake alikuwa amefanya hivyo kwa upendo.

Dada yangu ameniletea vidonge vya ekinasea kutoka Ulaya. Nivimeze mafua yakianza?

Usitarajie makubwa. Ekinasea ni ua la Amerika Kaskazini, na dawa zake hazifanani: kuna ya mzizi, ya majani, ya maji, ya spiriti, na aina za mmea zenyewe ni zaidi ya moja. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2014 yalikusanya majaribio 24 yenye watu zaidi ya 4,600. Hayakuona faida ya wazi kwa mtu aliyekwisha kuugua. Kwa kinga, yaliona dalili ya punguzo dogo, kama asilimia 10 hadi 20.

Jaribio ninalolithamini zaidi lilifanyika Wisconsin, likachapishwa mwaka 2010. Watu 719 wenye mafua mapya waligawanywa makundi manne: wasiopewa kidonge, waliopewa kidonge kisicho na dawa, waliopewa ekinasea bila kujua, na waliopewa ekinasea wakijua. Wa ekinasea walipona mapema kwa kama nusu siku, tofauti ambayo inaweza kuwa bahati tu.

Kisha watafiti wakawatazama wale walioingia wakiwa na imani kubwa na ekinasea. Miongoni mwao, waliopewa kidonge kisicho na dawa waliugua kwa muda mfupi kuliko wasiopewa chochote, kwa zaidi ya siku mbili. Kidonge hakikuwa na kitu ndani. Kwa hiyo jirani anapokuapia kwamba ekinasea ilimponya, hasemi uongo. Ila hajui kilichomponya ni kipi, na mafua huisha yenyewe ndani ya siku 7 hadi 10 hata usipofanya lolote.

Watoto wasipewe. Katika jaribio la watoto 407 wa Marekani, waliotumia ekinasea walipata vipele mara nyingi zaidi, na mwaka 2012 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilishauri walio chini ya miaka 12 wasiitumie.

Na mtindi je? Wanasema una bakteria wanaokinga.

Kati ya hivi vinne, bakteria rafiki, wale wanaoitwa probaiotiki, ndio wenye majaribio mengi zaidi upande wa kinga. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2022 yalijumlisha majaribio 23 yenye watu wapatao 6,950. Uwezekano wa kupata walau ugonjwa mmoja wa njia ya juu ya hewa ulishuka kwa karibu robo, ugonjwa ulifupika kwa kama siku moja, na matumizi ya antibayotiki yalipungua. Hilo la mwisho ndilo linalonifurahisha zaidi, kwa kuwa antibayotiki haziui kirusi cha mafua, na bado zinanunuliwa dukani kila siku kwa ajili yake.

Watafiti wenyewe wanasema uhakika ni wa chini hadi wa kati. Kila jaribio lilikuwa na bakteria wake, waliohesabiwa na kutumiwa kila siku, mara nyingi kwa miezi mitatu au zaidi. Aina moja ikifaulu, huwezi kumpa sifa hiyo nduguye. Mtindi wa nyumbani una bakteria, lakini hujui ni wa aina gani wala ni wangapi. Ni chakula kizuri. Unywe kwa sababu hiyo, na kinga ikija iwe nyongeza. Maziwa yachemshwe kwanza, yapoe hadi vuguvugu, ndipo utie kianzio. Ukiuchemsha mtindi ulioiva, bakteria wanakufa. Watoto njiti na watu wenye kinga dhaifu sana wasipewe vidonge vya bakteria bila daktari.

Mwanangu wa miaka 3 ana mafua tangu juzi. Nimpe kipi?

Supu ya vuguvugu kidogo kidogo, na matone ya maji ya chumvi ya dukani puani kabla ya kulala. Mtindi kama anaupenda. Vingine acha.

Kisha umhesabie pumzi. Subiri atulie, asiwe analia, mfunue shati na utazame tumbo likipanda na kushuka kwa dakika nzima kwa saa. Kwa umri wake, pumzi 40 au zaidi kwa dakika ni nyingi mno. Zikifika hapo, au sehemu ya chini ya kifua ikibonyea ndani anapovuta hewa, au akashindwa kunywa, au akapata degedege, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Na kama ana homa na mnaishi penye malaria, apimwe malaria, hata kama pua inatiririka na kila mtu nyumbani anasema ni mafua.